Bibliografia yenye Ufafanuzi: Upataji wa Stadi za Kusoma katika Madarasa ya Awali ya Msingi

Bibliografia hii ni ya tasnifu inayohusu usomaji wa silabi kwa wanafunzi wa darasa la kwanza na la pili. Kazi zimepangwa kwa kufuata hoja, wala si kwa alfabeti.

Gough na Tunmer (1986). Katika makala hii fupi waandishi wanapendekeza kuwa ufahamu wa matini ni zao la utambuzi wa maneno na uelewa wa lugha, yaani `R = D × C`. Uzito wote umo katika alama ya kuzidisha: kimoja kikiwa sifuri, usomaji haupo. Mtoto anayetamka kila neno la aya bila kosa, kisha asijue aya inazungumzia nini, ana tatizo tofauti kabisa na mwenzake anayekwama kwenye silabi ya kwanza. Hii ndiyo nguzo ya tasnifu.

Juel (1988). Watoto 54 walifuatiliwa kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Uwezekano wa msomaji dhaifu wa mwisho wa darasa la kwanza kubaki dhaifu mwisho wa darasa la nne ulikuwa 0.88. Sampuli ni ndogo na lugha ni Kiingereza, lakini takwimu hiyo inatosha kukanusha kauli kwamba mtoto atajua kusoma akikua.

Jopo la Kitaifa la Usomaji, Marekani (2000). Ripoti inachambua ufahamu wa fonimu, uhusiano wa herufi na sauti, ufasaha, msamiati na ufahamu. Itatumika kwa istilahi tu.

Seymour, Aro na Erskine (2003). Wanalinganisha wanafunzi wanaoanza kusoma katika lugha kadhaa za Ulaya, na kuonyesha kuwa katika nyingi kati yake watoto husoma maneno kwa usahihi kabla ya mwaka wa kwanza kwisha, ilhali kasi ya wanaosoma Kiingereza ni pungufu ya nusu ya kasi hiyo. Chanzo hiki kinatulazimu kusoma kwa tahadhari kazi zilizotangulia, kwani ratiba ya ufundishaji iliyotokana na tahajia ya Kiingereza haiwezi kuhamishiwa moja kwa moja kwenye lugha ambayo herufi zake hutamkwa zilivyoandikwa.

Alcock na Ngorosho (2003). Wanachunguza makosa ya watoto wanaojifunza tahajia ya Kiswahili, na kusisitiza kuwa tahajia yenye utaratibu nayo si kazi nyepesi. Nilipokuwa nikifundisha, mwanafunzi wangu aliyesoma "baba" na "kaka" bila kusita aliandika "goma" badala ya "ngoma", na kwa miezi kadhaa nikadhani ni uzembe. Utafiti wao unahusu kuandika, hivyo hautachukuliwa kama ushahidi wa kusoma. Utaelekeza uteuzi wa maneno ya jaribio, hasa yenye mwambatano wa konsonanti kama "mbw" na "ndw", pamoja na yenye "ng'", ambayo ni sauti moja inayoandikwa kwa alama zaidi ya moja.