Zoezi la Jumamosi: rudi, jibu, sahau na wenzao

Habari za jioni wapendwa, hili ndo zoezi nililowaahidi, fanyeni kwa mkono kwenye daftari, majibu yako chini ila msichungulie kwanza.

Vitenzi vya kibantu vinaishia na a na hiyo a ndo inayobadilika: ninapika, sipiki, nipike. Sasa vile vya Kiarabu vinavyoishia i au u mwisho wake hauguswi kabisa: ninarudi, sirudi, nirudi. Ninajibu, sijibu, nijibu. Juzi pale sokoni Mwanjelwa, mmoja wenu alimwambia mama wa parachichi "nirude kesho?" na mama alimwelewa, akamwongezea na moja ya bure, lakini nirude haipo jamani, ni nirudi.

A. Kanusha:
1. Kondakta anajibu simu.
2. Tunasafiri kwenda Tukuyu leo.
3. Ninafahamu njia ya Uyole.
4. Bibi alirudi jana.

B. Weka kitenzi kilichoko kwenye mabano kinavyotakiwa:
5. Mwambie dada (subiri) gari la Kyela.
6. Afadhali sisi (rudi) kabla mvua haijaanza.
7. Wewe usi- (sahau) sweta, Njombe mwezi wa sita baridi inauma mpaka mifupani.
8. Naomba nyie (jaribu) tena.

C. Hapa ndo wengi mnapoanguka so someni taratibu. Kitenzi kikiongezewa kitu mwishoni kinapata a, na kikishapata a kinafuata sheria ya pika kama wengine wote. Rudi haibadiliki ila rudisha inabadilika: sirudishi, nirudishe. Fikiri ni sifikiri, lakini fikiria ni sifikirii, i mbili, na zote mbili zinasikika ukiongea polepole, mi nasisitiza hili kwa sababu kwenye meseji watu wanaandika moja tu alafu maana inahama.
9. Kondakta anarudisha chenji. (kanusha)
10. Wanasafirisha viazi kutoka Makambako. (kanusha)
11. Inabidi barua hii (jibiwa) leo.
12. Waamrishe watu wengi: pika, jibu, rudi.

MAJIBU
1 hajibu. 2 hatusafiri. 3 sifahamu, wala sio "sifahami", hiyo nimeikuta kwenye madaftari matatu wiki hii. 4 hakurudi. 5 asubiri. 6 turudi. 7 usisahau. 8 mjaribu. 9 harudishi. 10 hawasafirishi. 11 ijibiwe. 12 pikeni, jibuni, rudini: pika imegeuza a kuwa e kabla ya ni, hao wengine wameongeza ni tu basi.

Aliyekosa kuanzia 9 mpaka 11 aandike sentensi tano za rudi na tano za rudisha, za kwake mwenyewe, za sokoni au stendi au nyumbani, tutazisoma kwa sauti Jumanne.