Kiu haikati na usiku unaamka kukojoa kila saa? Njoo upime sukari

Habari zenu jamani. Leo tunaongelea sukari, tunaomba usome mpaka mwisho hata kama unajiona mzima.

Kila mara tunampokea mtu hapa kliniki kaja kwa shida nyingine kabisa, labda kidonda cha mguu kimegoma kupona au macho yameanza kuona ukungu, tunampima sukari mashine inaandika 18 au 20 mmol/L, na wengine inaandika HI, yaani imepanda mpaka mashine haiwezi kuisoma tena (kwa mashine nyingi hiyo ni juu ya 33.3). Ukikaa naye ukamuuliza taratibu anakwambia kiu ilianza zamani tu, akadhani ni joto. Kukojoa usiku akadhani ni uzee. Kuchoka akasema ni kazi. Kupungua mwili ndo kabisa, watu walimsifia kapendeza. Kila dalili ilipata sababu yake na hakuna aliyeziweka pamoja, na hili ndilo linalotuuma sana maana kipimo chenyewe hakimalizi hata dakika moja.

Sasa dalili. Ya kwanza kabisa ni kukojoa sana na kiu, na hizi mbili zinatembea pamoja. Sukari ikizidi kwenye damu (kwa watu wengi ikipita kama 10) figo zinashindwa kuirudisha yote, inatoka na mkojo na inavuta maji mwilini, ndo maana unakojoa mkojo mwingi na sio matone, halafu mdomo unakauka unakunywa maji na bado kiu iko palepale. Kama zamani ulikuwa unalala mpaka asubuhi na siku hizi unaamka mara tatu nne na chupa ya maji iko pembeni ya kitanda, hiyo peke yake inatosha kukuleta upime. Na tafadhali usipunguze maji ili usikojoe, utazidi kukaukiwa na sukari itakuwa bado iko juu.

Halafu kuna kupungua uzito bila kujaribu huku unakula vizuri, na wengine njaa inawauma muda mfupi tu baada ya kula. Sukari imejaa kwenye damu lakini haiingii kwenye seli kwa sababu insulini haipo au haifanyi kazi yake inavyotakiwa, kwahiyo mwili unaanza kula mafuta na misuli yake wenyewe, na uchovu unatokea hapohapo, ule uchovu wa kuamka asubuhi umelala masaa nane na bado miguu mizito.

Macho kuona ukungu unaokuja na kuondoka nayo ni dalili, sukari ikipanda na kushuka lenzi ya jicho inavimba. Kuna watu wamenunua miwani, baada ya wiki chache miwani haiwafai tena. Kabla hujabadilisha miwani pima sukari kwanza.

Nyingine watu wanaona aibu kuzisema. Kina mama, fangasi inayorudi rudi na kuwashwa sehemu za siri, umetumia dawa imepona wiki mbili imerudi. Kina baba, nguvu za kiume kupungua au ngozi ya mbele ya uume kuwasha na kuchanika. Tunayasikia kila siku hapa, hakuna atakayekushangaa wala kukucheka, sema tu. Pia majipu ya mara kwa mara, fizi kuvimba na kutoa damu, vidonda kuchelewa kupona, ganzi au kuchomachoma kwenye nyayo kama sindano, na ngozi kuwa nyeusi na nene shingoni au kwapani, ile ambayo mtu anasugua na sabuni akidhani ni uchafu. Sio uchafu, mara nyingi ni alama kwamba mwili umeanza kuikataa insulini.

Wazazi hapa mtusikilize vizuri. Kisukari cha watoto hakisubiri miaka, kinaweza kumzidi ndani ya wiki chache tu. Mtoto alishaacha kukojoa kitandani ghafla kaanza tena, anakunywa maji kupita kiasi, anakonda, huyo anapimwa LEO sio wiki ijayo. Akianza kutapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu na kwa kina, pumzi inanukia kama matunda yaliyoiva sana, au analegea na kusinzia ovyo, nenda hospitali muda huohuo hata iwe saa nane usiku. Dalili hizi zinaonekana kama malaria au tumbo la kawaida na watoto wanapotea kwa kuchelewa, kwahiyo mwambie daktari au nesi kwa mdomo wako: naomba mpime sukari.

Na kama huna dalili hata moja? Bado njoo kama una miaka 35 kwenda juu, una kitambi, una presha, mzazi au ndugu yako wa damu ana kisukari, uliwahi kupata sukari ya ujauzito au ulijifungua mtoto wa kilo 4 na zaidi. Kisukari cha watu wazima kinaweza kukaa miaka kimya kabisa huku kinaharibu figo na macho. Mjamzito anapimwa kati ya wiki ya 24 na 28, akiwa kwenye hatari mapema zaidi.

Kipimo kiko hivi. Unanawa mikono kwa maji na sabuni unakausha, usiruke hii, maana ukiwa umetoka kumenya tunda utamu ulioganda kidoleni unapandisha namba na utaogopa bure. Nesi anakutoboa pembeni ya ncha ya kidole, sio katikati kwenye maumivu zaidi, tone moja linaingia kwenye kijiti na baada ya sekunde chache jibu limetoka. Vizuri uje hujala masaa nane, maji unakunywa, dawa zako za kila siku usiache ila tuambie unazotumia.

Ukiwa hujala, chini ya 5.6 uko sawa. 5.6 mpaka 6.9 imeanza kupanda, na kwa kweli hapa ndo tungependa tukukute maana ukipunguza uzito kidogo na kutembea haraka haraka dakika 30 siku tano za wiki wengi wanaizuia isifike kwenye kisukari. 7.0 na kuendelea, au 11.1 na kuendelea muda wowote ukiwa na dalili, tunatoa damu ya mshipa kuhakikisha, na tunaweza kuongeza HbA1c inayoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Namba moja ya kidole haitoshi kukupa jina la ugonjwa. Mashine nyingine zinaandika mg/dL, huko 7.0 inasomeka 126 usishtuke.

Kuna wanaosema mimi sili vitu vitamu sina haja ya kupima, jamani sio hivyo, kuna wembamba wenye kisukari na kuna wasiogusa sukari kabisa wanacho. Na wengine wanaogopa wakijua wataanza dawa maisha yote. Anayekutwa mapema mara nyingi anaanza na chakula na mazoezi, pengine na vidonge, na macho yake na miguu yake bado vizima.

Tunapima Jumatatu mpaka Jumamosi kuanzia saa moja na nusu asubuhi, huhitaji miadi, ukifika mapokezi sema nimekuja kupima sukari na sijala na utaingizwa mapema ili ukale. Njoo na mzazi wako pia.