Gunia la Mahindi na Swali la Athari: Ujasiriamali wa Kijamii na wa Kibiashara

Mwaka 2006 shirika la One Acre Fund lilianza kukopesha mbegu na mbolea kwa familia chache za wakulima wa Bungoma. Machi 2007 Safaricom ikazindua M-Pesa. La kwanza halina mwanahisa anayesubiri gawio. Ya pili ni huduma ya kampuni ambayo mwaka 2008 iliuza hisa zake katika Soko la Hisa la Nairobi. Ukimuuliza mkulima wa magharibi mwa Kenya ni ipi iliyobadilisha maisha yake, huenda akataja simu kabla ya mbolea.

Ndiyo maana siridhiki na maelezo ya darasani kwamba mjasiriamali wa kibiashara hutafuta faida na wa kijamii hutafuta manufaa ya watu. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walikadiria mwaka 2016 kwamba M-Pesa ilizitoa kaya 194,000 katika umaskini, yaani karibu asilimia 2 ya kaya zote za Kenya. Mashirika mengi ya hisani yangetamani takwimu hiyo. Tena mradi wenyewe ulianza kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, na majaribio ya mwanzo yalilenga urejeshaji wa mikopo midogo. Wateja ndio waliogundua kwamba raha yake ni kutumiana hela.

Tofauti ninayoiona mimi hujitokeza pale faida na manufaa yanapovutana. Kijiji kiko mbali, barabara ni mbovu na wateja ni wachache. Mfanyabiashara akikiacha, amefanya uamuzi sahihi kwa wenye mtaji wake. Mjasiriamali wa kijamii akikiacha, ana deni la maelezo, kwa sababu huenda kijiji hicho ndicho kilichomfanya aanzishe kazi. Naye pia lazima hesabu zake zisimame: One Acre Fund hukopesha, haigawi bure, na mkulima hulipa kidogo kidogo kwa msimu.

Hapo ndipo kipimo kinapokuwa kigumu. Mfanyabiashara ana faida halisi, namba moja inayoeleweka na benki, mkaguzi na mamlaka ya kodi. Wa kijamii hushawishika kuhesabu kilicho rahisi: wakulima waliosajiliwa, semina, mikopo iliyotolewa. Hiyo ni kazi iliyofanyika, bado si badiliko katika maisha ya mtu. Benki ya Grameen ya Bangladesh, iliyopata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2006 pamoja na mwanzilishi wake Muhammad Yunus, ilisifiwa sana kwa marejesho ya juu ya mikopo. Lakini marejesho hupima afya ya mkopeshaji. Mama anaweza kulipa kila wiki kwa kuuza mbuzi wake. Tafiti sita za mikopo midogo zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, kutoka nchi zikiwemo India, Moroko na Ethiopia, zilikuta manufaa ya kiasi tu, wala si mageuzi yaliyokuwa yakitangazwa.

Kipimo cha haki huuliza: ingekuwaje kama mradi usingekuwepo? Chukua mfano wa kubuni. Mkulima alivuna magunia 7 ya mahindi kabla ya kujiunga na mradi, na 12 baada yake. Ripoti ya haraka itaandika ongezeko la 5. Lakini mvua ilikuwa nzuri, na jirani asiye mwanachama naye alipanda kutoka 7 hadi 9. Athari ya mradi basi ni magunia 3. Kwa shilingi 3,000 kila gunia, hiyo ni 9,000. Toa 5,000 za gharama za ziada za mbegu na mbolea, zinabaki 4,000. Kama mradi ulitumia shilingi 2,000 za wafadhili kwa kila mkulima, kila shilingi ya hisani imezaa mbili mfukoni mwa mkulima, na bado hatujahesabu siku alizoongeza za kupalilia.

Hata hesabu hii ina shimo. Jirani yule huchungulia shambani. Anaona mahindi yamepandwa kwa mistari na kwa nafasi, naye msimu ujao anaiga bila kulipa senti. Mavuno yake yakifika 11, tofauti kati yake na mwanachama inapungua hadi gunia 1, na kwenye karatasi mradi unaonekana umedorora, ilhali mashamba mawili sasa yanavuna vizuri badala ya moja. Anayepima lazima basi atafute mkulima wa kulinganisha katika kata nyingine, mbali na macho ya majirani, lakini yenye mvua ileile na udongo uleule.