Uthibitisho wa miadi ya video: Alhamisi 12 Machi 2026, saa kumi na nusu jioni Dar es Salaam, 4:30 PM, saa tatu na nusu asubuhi Columbus, 9:30 AM

Dar es Salaam, Jumatano 4 Machi 2026

Shikamoo mama Zuhura,

Natumaini swaumu inakwenda vizuri, na baridi ya Ohio imeanza kukuachia. Dada Rukia, nakala hii ni yako pia kwa sababu simu itakayotumika ni yako. Tafadhali msomee mama mpaka mwisho, hasa sehemu ya saa.

Miadi ya mama kuonana na Dokta Anna kwa video imethibitishwa. Ni hivi:

Alhamisi, tarehe 12 Machi 2026
Dar es Salaam: saa kumi na nusu jioni (simu yetu itasoma 4:30 PM, au 16:30)
Columbus, Ohio: saa tatu na nusu asubuhi (simu yenu itasoma 9:30 AM)

Siku ni ile ile pande zote mbili, Alhamisi. Mmetengewa dakika 30. Tutapiga sisi, kwa video ya WhatsApp, kwenye namba ya dada Rukia. Nyinyi hamna cha kubonyeza zaidi ya kupokea.

Sasa naomba tuelewane vizuri kuhusu hizo saa, maana hapa ndipo wagonjwa wetu walio nje wanapopotezana na daktari. Leo ninapoandika, Columbus iko nyuma yetu kwa saa nane. Usiku wa kuamkia Jumapili tarehe 8 Machi, Marekani wanasogeza saa mbele kwa saa moja. Sisi Tanzania hatusogezi, saa yetu ni hiyo hiyo mwaka mzima. Kwa hiyo kuanzia Jumapili hiyo tofauti yetu itakuwa saa saba. Mama, wewe umezoea kuhesabu saa nane tangu ulipofika Januari, na ukihesabu hivyo Alhamisi utapata saa mbili na nusu. Siyo. Ni saa tatu na nusu. Simu ya mkononi itajisogeza yenyewe usiku ule, lakini saa ya ukutani na ile ya kwenye jiko hazijisogezi, lazima mtu azirekebishe kwa mkono. Siku ya miadi fuateni simu.

La pili ni namna ya kutaja saa. Mama akisema "saa tatu na nusu" anahesabu Kiswahili, tangu jua linapochomoza. Wajukuu waliokulia huko wakisikia "tatu na nusu" watakwenda kutega kengele ya simu 3:30, na hiyo ni saa tisa na nusu, alasiri au usiku wa manane. Mwezi uliopita mgonjwa wetu mmoja aliyeko Muskati alijiandaa, akavaa vizuri, akakaa mbele ya simu, kumbe daktari alikuwa amempigia saa sita kabla. Iliniuma sana, kwa sababu ujumbe ule niliuandika mimi na niliandika "saa nne" tu, bila kuongeza simu itasoma nini. Tangu siku hiyo naandika saa zote mbili, ya kusema na ya kusoma. Dada Rukia, nakuomba utege kengele mwenyewe, 9:30 AM, na nyingine 9:00 AM ya kujiandaa.

Na tarehe pia. Ukiona kwenye karatasi au kalenda ya huko imeandikwa 03/12/2026, hiyo ndiyo miadi yetu: Wamarekani wanatanguliza mwezi. Sisi tukisoma vile vile tutafikiri ni tarehe 3 Desemba.

Tumechagua saa kumi na nusu ya huku kwa makusudi. Dokta Anna anakuwa amemaliza foleni ya mchana, na wauguzi wenzangu wanaofunga wanakuwa wameshaswali Alasiri ila hawajaingia kwenye pilika za futari. Kwako mama ni asubuhi, umeshapumzika baada ya daku na bado una nguvu za kuongea. Tutakuwa tayari kwenye kumi la mwisho, najua usiku unasimama kwa ibada, ndiyo maana sikutaka kukuwekea alfajiri.

Mambo ya kuwa nayo karibu siku hiyo. Kwanza lile daftari lako la bluu la vipimo. Endelea kuandika kama ulivyokuwa unaandika hapa: tarehe, saa, kabla ya daku au kabla ya kufuturu, na namba. Hapa kuna jambo la kukutoa wasiwasi. Dada Rukia alinieleza kwamba mashine mliyonunua huko ilisoma 140 ukashtuka, ukidhani sukari imelipuka. Haikulipuka. Mashine za Marekani zinasoma kwa kipimo cha mg/dL, na ile yako ya hapa nyumbani inasoma kwa mmol/L. Chukua namba ya huko uigawe kwa 18, utapata ya huku. 140 ni 7.8, na hiyo 7.8 umeiandika mara nyingi kwenye daftari lako mwenyewe. Msihangaike kubadilisha, andikeni namba kama mashine inavyoonyesha na kando yake muweke "ya huko". Hesabu tutafanya sisi.

Pili, dawa zote unazokunywa, na pakiti zake. Siyo majina kwa kichwa, pakiti zenyewe, tuzione kwenye kamera: metformini, ile ndogo ya sukari ya asubuhi, ya presha, na chochote ulichoongezewa au kununua huko, hata kama ni majani ya chai ya "kushusha sukari" uliyoletewa na jirani. Hatugombi, tunataka kujua. Hesabu pia vidonge vilivyobaki. Maelekezo aliyokupa Dokta kabla ya Ramadhani kuhusu saa za kunywa yanabaki kama yalivyo mpaka muongee.

Tatu, mashine ya presha. Pima ukiwa umekaa, mgongo umeegemea, miguu chini, umetulia dakika tano. Pima mara mbili, uandike zote.

Nne, na hii naiomba sana: miguu. Dokta atataka kuiona. Ulipoondoka mwezi wa kwanza ule ufa wa kisigino cha kushoto ulikuwa umefunga, lakini hewa ya nyumba zenye hita inakausha ngozi kuliko unavyodhani, na wewe ganzi ya vidole unayo. Kaa kwenye kiti karibu na dirisha, mwanga uwe mbele yako na siyo nyuma. Dada Rukia ashike simu, aanze na nyayo, kisha kisigino, kisha atenganishe vidole kimoja kimoja tuone katikati yake. Soksi ziwe zimevuliwa nusu saa kabla ili alama za mpira ziondoke. Na mama, tafadhali usiote moto miguu kwenye hita, wala kuiloweka kwenye maji ya moto kabla mtu mwingine hajayapima kwa kiwiko. Mguu wenye ganzi unaungua kabla mwenyewe hajajua.

Kuhusu swaumu yenyewe hadi siku hiyo: kanuni mliyokubaliana na Dokta ni ile ile. Sukari ikishuka chini ya 70 kwa mashine ya huko, yaani 3.9 ya huku, fungua hapo hapo, hata kama imebaki robo saa. Ikipanda zaidi ya 300, fungua vile vile na utafute matibabu. Ukitokwa jasho la ghafla, ukitetemeka au ukiona giza, usisubiri hata mashine, kunywa kitu chenye sukari kwanza. Kutoboa kidole kupima hakubatilishi swaumu, masheikh wengi wameshalieleza hilo, kwa hiyo usijinyime kipimo cha mchana. Kumbuka pia kwamba baada ya saa kusogezwa, magharibi ya huko itasoma baada ya 7:30 jioni. Swaumu haijarefuka kwa saa nzima, ni namba tu iliyosogea, lakini dawa ya futari unainywa ukifuturu, siyo kwa kuangalia saa uliyoizoea wiki iliyopita.

Kitu kimoja nikiseme wazi ili kisije kuwashangaza. Dokta Anna atafuatilia matibabu yaliyoanzia hapa, atasoma vipimo na kukushauri. Leseni yake ni ya Tanzania, kwa hiyo msitegemee kupeleka cheti chake cha dawa kwenye duka la dawa la Columbus. Kama vidonge havitatosha mpaka tiketi ya kurudi tarehe 18 Aprili, tuambieni siku hiyo, na tutawaandikia barua ya maelezo ya ugonjwa na dawa mumpelekee daktari wa huko. Na kwa hali ya dharura, kifua kubana, kuzirai, kuongea kwa kujivuta, mkono kulegea upande mmoja, msitupigie sisi. Pigeni 911 papo hapo.

Mazungumzo hayatarekodiwa. Mwanzoni Dokta atakuuliza jina lako kamili, mwaka wa kuzaliwa na namba ya faili, ndivyo tunavyohakikisha tunaongea na mwenyewe. Atakuuliza pia kama unaridhia dada Rukia awepo. Ukitaka kusema jambo bila yeye kusikia, sema tu, atatoka kidogo kisha atarudi kwenye miguu. Taarifa zako zinalindwa chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha za miguu tutakazohifadhi zitaingia kwenye faili lako peke yake.

Malipo yameshakamilika. Kijana wako Juma alileta shilingi 40,000 dirishani jana, na risiti amepewa.

Mtandao ukikatika katikati, kaeni pale pale, tutapiga tena mara tatu ndani ya dakika kumi. Video ikigoma kabisa tutaongea kwa sauti, na mtatutumia picha za nyayo. Umeme wa huku usiwape hofu, jenereta ipo.

Kama saa hiyo haikufai, nijibu hapa kabla ya Jumanne tarehe 10 Machi. Nafasi nyingine niliyoishikilia kwa ajili yako ni Jumamosi 14 Machi, saa kumi kamili jioni ya Dar es Salaam, saa tatu kamili asubuhi ya Columbus, simu yenu ikisoma 9:00 AM. Kama inafaa, dada Rukia jibu neno moja, "Ndiyo", na uandike saa yenu kama unavyoielewa wewe, kwa namba za simu, nione tumepatana.

Msalimie mkwe na wajukuu. Futari njema.

Sista Neema
Muuguzi wa miadi, Kliniki ya Kisukari na Presha
Kariakoo, Dar es Salaam