Barua ya kuomba kuongezewa muda wa mafunzo kwa vitendo wodi ya wazazi baada ya kuugua

Zawadi Mhando,
Mwanafunzi, Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, Mwaka wa Tatu,
Namba ya usajili 0417,
Bweni la Wasichana, Chumba Na. 14,
Tanga.

11 Machi 2026

Mkufunzi wa Mafunzo kwa Vitendo (Ukunga),
Idara ya Uuguzi na Ukunga,
Tanga.

Mwalimu,

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA ZAMU 13 ZA MAFUNZO KWA VITENDO, WODI YA WAZAZI, KUANZIA 16 MACHI HADI 2 APRILI 2026

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Rotesheni yetu ya ukunga ilianza Jumatatu tarehe 2 Februari na inamalizika Ijumaa hii, tarehe 13 Machi. Ni wiki sita za zamu tano za saa nane kila moja, yaani saa 240. Nilihudhuria zamu 10 za mwanzo zote katika chumba cha kujifungulia, na wiki hii ya mwisho niko kliniki ya wajawazito na watoto. Katikati nimekosa zamu 15, kuanzia tarehe 16 Februari hadi 6 Machi: zamu 10 za chumba cha kujifungulia na 5 za wodi ya waliojifungua. Jumla ni saa 120, nusu kamili ya rotesheni. Ninaomba kuzifidia zote, na kwa mpangilio ninaoueleza hapa chini zitakamilika kwa zamu 13.

Ugonjwa ulikuwa tetekuwanga. Jumamosi tarehe 14 Februari niliamka na homa ya 38.6 na malengelenge kifuani na usoni. Siku hiyohiyo nilikwenda wagonjwa wa nje, nikaandikiwa asaiklovia miligramu 800 mara tano kwa siku kwa siku saba, na cheti cha ED cha siku tano. Jumatano tarehe 18 kikohozi kilizidi, upumuaji ukafika 32 kwa dakika na oksijeni ya damu ikashuka hadi asilimia 89. Picha ya kifua ilionyesha nimonia, ambayo kwa mtu mzima ni tishio la tetekuwanga linalojulikana. Nililazwa chumba cha kutengwa kwa oksijeni na asaiklovia ya mshipa kila baada ya saa nane. Malengelenge yote yalikuwa yamekauka na kushika magamba tarehe 22, na niliruhusiwa tarehe 24. Daktari aliongeza ED hadi tarehe 6 Machi kwa sababu nilikuwa bado nahema nikipanda ngazi. Siku hiyo ya mwisho alinipima tena: upumuaji 18, oksijeni asilimia 97 bila kusaidiwa, mapafu safi. Ameandika kwamba ninaruhusiwa zamu zote, za usiku zikiwemo.

Kuna jambo ambalo huenda limekufikia nusunusu, nami ningependa ulipate kamili. Tetekuwanga huambukiza kuanzia siku moja au mbili kabla ya upele kutokea. Kwa hiyo tarehe 12 na 13 Februari nilikuwa wodini nikiwa tayari naweza kuambukiza, ingawa sikuwa na dalili yoyote. Mama akipata upele kati ya siku tano kabla ya kujifungua na siku mbili baada yake, kichanga huzaliwa bila kinga ya kutosha kutoka kwake na anaweza kuugua vibaya sana. Ndiyo maana Jumamosi ile, kabla hata ya kuchukua dawa dirishani, nilimpigia simu Sista Inchaji na kumtajia akina mama watano niliowahudumia siku hizo mbili, pamoja na wanafunzi wenzangu wawili tuliokuwa meza moja. Wodi iliwafuatilia kwa siku 21, muda ambao ulikwisha tarehe 6 Machi. Sista Inchaji amenijulisha kwamba hakuna kati yao aliyerudi na upele. Mwenzangu mmoja, ambaye hakuwahi kuugua tetekuwanga, alihamishiwa kazi zisizo za wagonjwa kuanzia siku ya nane hadi ya 21. Namwomba radhi kwa usumbufu huo, na ninaomba siku zake hizo zisihesabiwe kuwa utoro.

Sasa kuhusu logibuku, ambayo ndiyo sababu hasa ya barua hii. Ukurasa wa kuzalisha una mistari 20. Saba ina saini ya mkunga aliyenisimamia, 13 ni mitupu. Patografu zinatakiwa 15, ninazo sita. Kuna ya saba niliyoianza tarehe 13 Februari saa 5:00 asubuhi, mama akiwa sentimita tano, nikamsikiliza mtoto kila nusu saa na kuhesabu uchungu ndani ya dakika kumi. Kwenye kipimo cha saa 9:00 alasiri alikuwa sentimita tisa. Zamu ikaisha saa 9:30 na nikakabidhi. Sijaihesabu, kwa sababu sikuona mwisho wake, na patografu isiyofika kwenye kuzaliwa kwa mtoto hainifundishi kama nilisoma mstari wa tahadhari sawasawa. Kumhudumia mtoto mchanga asiyepumua kwa ambu nimefanya mara moja tu kwa mtoto halisi, na mstari huo unataka mara tatu. Ukurasa mzima wa wodi ya waliojifungua uko wazi: kupima mfuko wa uzazi na damu kila dakika 15 katika saa ya kwanza, kumweka mtoto kwenye titi, kangaruu kwa watoto njiti, ushauri wa dalili za hatari kabla ya mama kwenda nyumbani.

Najua utaratibu wa kufidia kwenye maabara ya ujuzi upo, na kwa zamu mbili tatu unafaa. Kwa pengo langu ninaomba usitumike. Kwenye mdoli naweza kurudia hatua za kusimamia kondo la nyuma hadi mkono uzoee: oksitosini yuniti 10 ya msuli ndani ya dakika moja baada ya mtoto kutoka na baada ya kuhakikisha hakuna pacha, kisha kuvuta kitovu taratibu huku mkono mwingine ukizuia mfuko wa uzazi juu ya kinena. Lakini mdoli hauna mfuko unaolegea ghafla chini ya kiganja, wala kondo ambalo kipande chake kimoja kimebaki ndani na lazima ukigundue kwa kulitandaza kwenye trei na kulikagua vipande na utando. Katika uzazi wangu saba, mmoja ulikuwa hivyo, na aliyeona ni mkunga, si mimi. Nikimaliza chuo na uzazi saba, wa nane naweza kuukuta kwenye zahanati ambako mkunga ni mimi peke yangu.

Ninafahamu kwamba kundi la mwaka wa pili linaingia Jumatatu tarehe 16 Machi na asubuhi chumba cha kujifungulia kitajaa. Sisi tulikuwa sita kwa zamu moja, na sehemu kubwa ya uzazi wangu saba niliipata kwa kungoja zamu yangu ifike. Kwa hiyo siombi asubuhi kule. Ninaomba hivi:

16 hadi 19 Machi (Jumatatu hadi Alhamisi): zamu nne za jioni, chumba cha kujifungulia, saa 7:30 mchana hadi saa 3:30 usiku. Saa 32.

23 hadi 26 Machi: zamu nne za usiku, chumba hichohicho, saa 2:00 usiku hadi saa 2:00 asubuhi. Saa 48. Ijumaa tarehe 27 napumzika.

28 Machi, kisha 30 Machi hadi 2 Aprili: zamu tano za asubuhi, wodi ya waliojifungua. Saa 40.

Hizo ni saa 120, na zinaisha kabla ya Ijumaa Kuu. Nimeruka kwa makusudi tarehe 20 hadi 22 Machi kwa sababu ya Idi, ili nisimlazimishe mkunga kunisimamia siku ambayo wodi ina watumishi wachache. Logibuku inatakiwa kwako Jumatano tarehe 8 Aprili, nami nitaileta siku hiyo ikiwa imesainiwa.

Huenda zamu nane za jioni na usiku zisitoshe uzazi 13, kwa kuwa akina mama hawaji kwa ratiba yetu. Ikifika asubuhi ya tarehe 27 na mistari bado ina nafasi, ninaomba usiku wa tarehe 3 na wa tarehe 4 Aprili ziwe zamu za akiba. Sitaomba saini ya uzazi niliouangalia tu nikiwa nimesimama kando. Huo una ukurasa wake.

Nimeshaongea na Sista Inchaji. Yuko tayari kunipokea, ila anataka barua kutoka kwako kwanza, yenye tarehe na jina la mkunga atakayenisimamia kila zamu, kwa sababu usiku hana ruhusa ya kuwa na mwanafunzi asiye na msimamizi aliyetajwa. Ninaomba pia neno lako kwa Matroni wa bweni: wenzangu wanaondoka tarehe 14 na chumba chetu kitafungwa. Nitahitaji kitanda hadi tarehe 5 Aprili, na ruhusa ya kutoka na kuingia getini kwa saa za zamu.

Kwa upande wa afya, nikianza kukohoa, kupata homa au kuhema kazini nitamwambia msimamizi palepale na kuondoka wodini. Sitajaribu kumalizia zamu. Sehemu itakayobaki nitakuomba upya.

Kama ratiba yote haiwezekani, naomba zamu nane za chumba cha kujifungulia zipewe kipaumbele na zile tano za waliojifungua zisogezwe likizo ya Juni. Naziomba kwa mpangilio huo kwa sababu mtihani wa vitendo wa Aprili utanikuta kwenye kuzalisha kwanza.

Nimeambatanisha vyeti viwili vya ED, muhtasari wa kuruhusiwa hospitali wa tarehe 24 Februari, barua ya daktari ya tarehe 6 Machi, nakala za kurasa za logibuku nilizozitaja, na karatasi ya mahudhurio iliyosainiwa na Sista Inchaji. Kesho na keshokutwa niko kliniki hadi saa 9:30 alasiri. Baada ya hapo naweza kufika ofisini kwako saa yoyote utakayoniita.

Natanguliza shukrani.

Mwanafunzi wako,

Zawadi Mhando

Nakala: Sista Inchaji, Wodi ya Wazazi
Nakala: Mratibu wa Mafunzo kwa Vitendo
Nakala: Matroni, Bweni la Wasichana