Bili ya chumba namba 9: naomba nirudishiwe 26,620

Ndugu Meneja, habari za kazi. Mimi na mama yangu mzazi tulilala hapo Kigoma Ijumaa na Jumamosi, tukaondoka Jumapili na basi la alfajiri la Tabora. Bajaji ilikuwa inatusubiri getini, hivyo nililipa bili ya chakula, 99,120, kwa simu bila kuisoma. Nimeisoma tukiwa njiani, na haikubaliani na menyu yenu.

Pesa ya chumba sina neno nayo.

Ijumaa jioni niliipiga picha menyu ili nimtumie mke wangu aone bei ya samaki wa huko. Nimeiambatanisha pamoja na risiti. Menyu inasema mgebuka na ugali ni 12,000. Tulikula sahani tatu kwa siku zote mbili, na risiti nayo inasema tatu, ila kila moja imeandikwa 15,000. Kwa hiyo 36,000 imekuwa 45,000. Kama bei imepanda, haikupanda tukiwa hapo: Jumamosi usiku nilimuuliza mhudumu kabla ya kuagiza, akanijibu elfu kumi na mbili.

Maji makubwa bei yake ni sawa, 2,000, lakini mmeandika chupa sita. Tulichukua nne, mbili kila jioni. Hapa sina picha, naomba mtazame kitabu cha oda cha wahudumu. Supu mbili za kuku (16,000), chai mbili za maziwa (4,000) na dagaa (7,000) ziko sawa kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni VAT. Mmejumlisha 84,000, kisha mkaongeza asilimia 18, yaani 15,120. Tazameni chini kabisa ya picha ya menyu: "Bei zote zimejumuisha VAT". Mgeni hawezi kutozwa kodi moja mara mbili.

Kuna soda moja ya 1,500 ambayo mama alikunywa Jumamosi mchana na haimo kwenye risiti. Hiyo ni haki yenu, nimeihesabu.

Hesabu yangu basi: mgebuka 36,000, maji 8,000, supu 16,000, chai 4,000, dagaa 7,000, soda 1,500. Jumla 72,500. Nililipa 99,120, kwa hiyo kilichozidi ni 26,620.

Naomba kiasi hicho kirudishwe kwenye namba niliyolipia, na nitumiwe risiti ya EFD iliyosahihishwa, maana safari hii naidai ofisini. Tafadhali msimkate mshahara dada aliyetuhudumia. Alimtunza mama yangu vizuri mno, hata kumchambulia miba ya samaki, na bei zilizozidi ziliingizwa kaunta, siyo mezani.

Nitakuwa Tabora hadi Alhamisi. Kama kuna mstari mnaoupinga, nipigieni tuupitie pamoja, picha ninayo.

Mgeni wa chumba namba 9