Tupime Hoja: Je, Embe Huleta Malaria?

(KIASHIRIA CHA KIPINDI, SEKUNDE 10. KISHUSHE POLEPOLE.)

SAIDI: Saa tatu na robo asubuhi, hiki ni Tupime Hoja. Masharti yetu ni yale yale. Unaleta hoja nzito, mimi nauliza maswali mafupi. Hakuna kuchekana, na wewe pia una haki ya kuniuliza. Mstari wa kwanza, karibu.

MAMA SHIJA: Haloo? Mimi Mama Shija, niko Ipuli, Tabora.

SAIDI: Shikamoo mama.

MAMA SHIJA: Marahaba mwanangu. Mimi nasema hivi: embe huleta malaria. Nimelea watoto sita, sijasimuliwa. Msimu wa embe ukifika, nyumba nzima homa.

SAIDI: Embe bichi au bivu?

MAMA SHIJA: Lote. Bichi ndiyo zaidi.

SAIDI: Unajuaje kama homa yenyewe ni malaria?

MAMA SHIJA: Zahanati walimtoboa Shija kidole wakapima. Malaria.

SAIDI: Safi, hilo tumelimaliza. Embe zinaanza mwezi gani huko?

MAMA SHIJA: Novemba hivi. Mpaka Januari, za kuchelewa Februari.

SAIDI: Na mvua?

MAMA SHIJA: Novemba hiyo hiyo... (ANASITA) Ngoja kwanza. Najua unakonipeleka.

SAIDI: (ANACHEKA KIDOGO) Sikupeleki mama, tunakwenda wote. Mvua inaisha lini?

MAMA SHIJA: Aprili, Mei.

SAIDI: Machi embe hakuna. Malaria ipo?

MAMA SHIJA: Ipo. Tena Machi na Aprili ndiyo inatusumbua hasa.

SAIDI: Kuna mtoto mchanga hapo kwako?

MAMA SHIJA: Mjukuu, miezi mitano. Ananyonya tu.

SAIDI: Amewahi kuugua malaria?

MAMA SHIJA: Januari. Lakini huyo ni mmoja! Shija alikula embe Jumamosi, Jumapili yake akawaka moto. Hilo utalisemaje?

SAIDI: Swali zuri, lijibiwe. Mbu akishamwingizia mtu vijidudu vya malaria, kwanza vinakwenda kuzaliana kwenye ini. Kwa kawaida homa huja baada ya wiki moja hadi mbili. Sasa homa ya Jumapili, mbu aliuma lini?

MAMA SHIJA: (KIMYA, SEKUNDE 3. FUNDI MITAMBO, USIWEKE MUZIKI.) Kumbe embe lilikuta vijidudu vimo ndani!

SAIDI: Inaelekea hivyo.

MAMA SHIJA: Sikubali bado. Binti yangu mkubwa hapendi embe, na yeye haugui. Eleza.

SAIDI: Anaishi hapo nyumbani?

MAMA SHIJA: Yuko bweni.

SAIDI: Analala kwenye chandarua?

MAMA SHIJA: Shule ni lazima.

SAIDI: Basi kwake kuna tofauti mbili, hali embe na analala kwenye chandarua. Hatuwezi kujua kipi kilichomkinga. Tungehitaji mtu anayekula embe sana na chandarua hakosi.

MAMA SHIJA: Baba yao! Dodo tano akikaa mara moja, na bila chandarua halali.

SAIDI: Msimu huu ameugua?

MAMA SHIJA: (ANACHEKA) Hajaugua. Lo!

SAIDI: Nisije nikapendelea upande wangu: mtu mmoja hatoshi kwako, hatoshi kwangu pia. Ila wewe uliona sawasawa, embe na malaria hufika pamoja. Wenzetu wa Italia nao waliona homa inakaa karibu na madimbwi, wakaita mal'aria, yaani hewa mbaya. Walipatia mahali, wakamkosa mbu. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross, akiwa India, ndiye aliyepasua mbu akavikuta vijidudu tumboni mwake. Sasa niambie, watoto wanakula wapi hizo embe?

MAMA SHIJA: Chini ya mwembe, mpaka saa mbili usiku. Na nyuma ya mwembe kuna mashimo tuliyofyatulia matofali, yamejaa maji.

SAIDI: Mbu wa malaria anapenda maji yaliyotuama ya namna hiyo, na anauma usiku. Hoja yako sasa inasemaje?

MAMA SHIJA: Embe naliondolea mashtaka. Lakini bichi linauma tumbo, hilo usiniguse!

SAIDI: Hilo sina swali.

MAMA SHIJA: Na mashimo nitamwambia baba yao ayafukie. Yeye ndiye aliyeyachimba.

SAIDI: Asante sana mama. Msalimie. Mstari wa pili, msikilizaji wa Urambo, nasikia unasema radi hufuata nguo nyekundu. Una nguo nyekundu ngapi?

(KIASHIRIA, SEKUNDE 5. MPIGAJI WA PILI HEWANI.)